Mapigo 11 ya nyundo na kitako cha mita 2.4

Anayejenga ghorofa pwani hulipia uchunguzi wa udongo, na baada ya wiki kadhaa hukabidhiwa kitabu chenye majedwali, michoro na picha za mtambo wa kuchoronga. Wengi huruka yote hayo wakaenda ukurasa wa mwisho kutafuta sentensi moja: mkazo unaoruhusiwa chini ya msingi ni kPa 150. Kwa hesabu ya mtaani, kPa 10 ni karibu sawa na tani moja juu ya mita moja ya mraba, kwa hiyo sentensi hiyo inasema kila mita ya mraba ya mchanga chini ya kitako cha nguzo ibebeshwe tani 15, isizidi.

Hakuna chombo kilichoshushwa ardhini kikarudi na namba hiyo. Kilichorudi ni hesabu ya mapigo ya nyundo. Kutoka kwenye mapigo hadi kwenye tani kuna safari, na njiani mhandisi wa udongo ameamua mambo kadhaa: lipi la kuamini, lipi la kutupa, lipi la kupunguza. Ripoti nzuri inamwonyesha msomaji maamuzi hayo. Ripoti mbovu inampa namba ya mwisho pamoja na mhuri.

Kipimo chenyewe, ambacho ripoti hukiita SPT, ni kazi ya nguvu tupu. Wachorongaji wakifika kina wanachotaka, husafisha shimo na kushusha bomba nene la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 51, ambalo linaweza kufunguliwa vipande viwili kwa urefu ili udongo ulionaswa uonekane. Juu ya fito zinazolishika, nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa sentimita 76 na kuachiwa. Hupigwa tena na tena hadi bomba lizame sentimita 45, na mtu mmoja husimama na daftari akihesabu mapigo kwa kila sentimita 15. Zile 15 za kwanza huandikwa lakini hazijumlishwi, kwa sababu sehemu ya chini ya shimo imekwishavurugwa na uchorongaji. Jumla ya vipande viwili vya mwisho ndiyo inayoitwa N. Mapigo yakiwa 4, 5 na 6, basi N ni 11.

Mbinu hii ilianza Marekani. Mwaka 1902 Charles Gow alianza kupigilia bomba chini ya shimo ili apate sampuli ya udongo, badala ya kukisia kutokana na matope yanayotoka na maji. Hesabu ya mapigo ilikuja baadaye, na mwaka 1948 Karl Terzaghi na Ralph Peck wakachapisha chati iliyounganisha N na mzigo ambao kitako kinaweza kubebeshwa juu ya mchanga. Tangu hapo kipimo kimeenea dunia nzima. Kinatumika zaidi kwenye mchanga kwa sababu moja ya msingi: mchanga hauwezi kuchukuliwa mzima ukapelekwa maabara. Ukishautoa umebadilika, chembe zimejipanga upya, na kile ulichotaka kukipima kimepotea. Udongo wa mfinyanzi unaweza kukatwa, kufungwa na kusafirishwa. Mchanga sharti uupimie ulipolala.

Tuchukue kiwanja cha mfano. Nimekitunga mimi, lakini hakina kitu ambacho wachorongaji wa mwambao wetu hawajakiona. Kiko pwani, mita mia chache kutoka ufukweni, na panatakiwa kujengwa jengo la ghorofa nne kwa nguzo na mihimili ya zege. Nguzo nzito kuliko zote itashusha tani 90. Mhandisi wa majengo anataka kila nguzo ikae juu ya kitako chake cha mraba, kile ambacho mafundi wengi hukiita besi, kikiwa mita 1.5 chini ya uso wa ardhi. Yamechorongwa mashimo matatu. Maji yamekutwa kwenye kina cha mita 3.5.

Shimo la kwanza halina vituko. Mchanga wa chembe za wastani, N ikipanda taratibu kadiri wanavyoshuka. Shimo la pili linatoa 11 kwenye kina cha mita 1.5, na 14 kwenye mita 3. Kisha kwenye mita 4.5 N inashuka ghafla hadi 7, halafu mita 6 inaruka hadi 25. Shimo la tatu linafanana na la kwanza isipokuwa kwenye mita 3: mapigo 12 kwa sentimita 15 za kwanza, kisha mapigo 50 bila bomba kumaliza hata sentimita 8. Hapo wachorongaji wameandika kwamba bomba limegoma.

Mtu mwenye haraka angejumlisha namba zote na kutafuta wastani. Ile 50 ingeinua wastani, ile 7 ingeushusha, na mwisho angepata kitu katikati kinachoonekana cha busara. Lakini namba hizo mbili hazisemi juu ya mchanga ule. Kila moja ina hadithi yake, na hadithi hizo zimo kwenye daftari la shambani, si kwenye jedwali lililochapwa.

Tuanze na 50. Pwani yetu imelala juu ya miamba ya matumbawe ya zamani, na ndani ya mchanga mna vipande vyake, vingine vikubwa kama kichwa cha mtu. Bomba la milimita 51 likikita juu ya kipande kama hicho halipenyi, na nyundo inahesabu ugumu wa jiwe. Namna ya kujua ni kufungua bomba: ncha yake imejikunja, na ndani mna unga mweupe na vigae vya tumbawe badala ya mchanga. Kama mashimo ya jirani kwenye kina hichohicho yana 13 na 14, basi hapo pana jiwe moja katikati ya mchanga wa kawaida, na kitako cha upana wa mita mbili na zaidi hakitakaa juu ya jiwe, kitakaa juu ya mchanga unaolizunguka. Namba hiyo inaondolewa kwenye hesabu, na sababu inaandikwa.

Ile 7 ni ya hatari zaidi, kwa sababu ina sura mbili. Huenda kweli kuna tabaka legevu pale, na tabaka legevu chini ya kitako ni jambo la kuheshimiwa. Huenda pia wachorongaji ndio walioutengeneza ulegevu huo. Chini ya kina cha maji, shimo likiachwa na maji machache kuliko yaliyo nje yake, maji ya ardhini hukimbilia ndani kutokea chini, na yakipanda huja na mchanga. Sehemu ya chini ya shimo inachemka kama uji. Mchanga uliokuwa umeshikana unakuwa mlegevu, nyundo inashuka bila shida, na N inasoma kitu kilichoharibiwa dakika kumi zilizopita.

Daftari la shimo la pili linatoa ushahidi. Walipochoronga hadi mita 4.5 na kutoa vifaa, walipima tena kwa kamba wakakuta sehemu ya chini iko mita 4.1. Sentimita 40 za mchanga zilikuwa zimeingia shimoni. Mapigo nayo yalikuwa 2, 3 na 4, yaani hata kipande cha kwanza kilizama kama kwenye unga. Mhandisi makini hapo hakisii. Anaagiza shimo jingine mita mbili pembeni, maji yajazwe shimoni na yawekwe juu ya kina cha maji ya ardhini muda wote, vifaa vitolewe polepole visivute maji, kisha kipimo kirudiwe. Katika mfano wetu kimerudiwa na kutoa 6, 7 na 8. N ni 15. Kama kingetoa 7 tena, tungelazimika kuamini kwamba tabaka legevu lipo, na hesabu yote ingejengwa juu ya tabaka hilo. Gharama ya shimo la ziada ni ndogo ukilinganisha na zege la vitako vyote, lakini nimeona ripoti ambazo mwandishi alichagua kunyamaza na kuchukua wastani.

Sasa tunazo 11, 14 na 15 kwa vina vya mita 1.5, 3 na 4.5. Bado hazijawa tayari, kwa kuwa hatujauliza habari za nyundo.

Kilo 63.5 zikianguka sentimita 76 zina nishati inayojulikana, lakini si yote inayofika kwenye bomba. Nyundo inayoinuliwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye ngoma inayozunguka hupoteza nguvu kwenye msuguano wa kamba, na kuna wakati mchorongaji aliyechoka haiinui hadi alama. Nyundo za aina ya kizamani zinazoendeshwa hivyo hufikisha karibu asilimia 45. Nyundo inayojiachia yenyewe kwa mtambo inaweza kufikisha asilimia 70, 80 au zaidi. Kuhesabu mapigo bila kujua nyundo ni sawa na kupima unga kwa kopo bila kujua ukubwa wa kopo. Kwa hiyo wahandisi wamekubaliana kurudisha kila N kwenye kiwango kimoja, asilimia 60, na kuiita N60.

Katika kiwanja chetu, cheti cha nyundo kinasema asilimia 72. Kila N inazidishwa kwa 72 na kugawanywa kwa 60, yaani inaongezeka kwa sehemu moja ya tano, mara 1.2. Halafu inapunguzwa kidogo kwa sababu fito fupi hazipitishi nishati yote: jedwali linalotumika sana linatoa 0.75 kwa kipimo cha mita 1.5 na 0.85 kwa vile viwili vya chini yake. Baada ya hayo 11 inakuwa 10, 14 inabaki 14, na 15 inabaki 15. Msomaji anaweza kusema kelele zote hizi kwa ajili ya pigo moja. Lakini fikiria mchanga huohuo ungepigwa na nyundo ya kamba ya asilimia 45. Pale penye 11 daftari lingeandika 18. Mhandisi asiyeuliza angedhani kiwanja kina mchanga imara zaidi, kumbe ni nyundo iliyochoka. Ndiyo maana ripoti isiyotaja aina ya nyundo wala kiwango cha nishati yake ina upungufu hata kama majedwali yake ni maridadi.

Wastani wa 10, 14 na 15 ni 13. Kwa kuwa namba ndogo kuliko zote ndiyo iliyo jirani kabisa na kitako, na hapo ndipo mkazo ulipo mkali, nachukua 12. Huo ni uamuzi wangu. Mwingine angechukua 11, na tusingegombana.

Hapa tunafika kwenye mtego ambao umewanasa hata watu wenye shahada. Mchanga wa namna moja hutoa N ndogo karibu na uso wa ardhi na N kubwa chini zaidi, kwa sababu uzito wa udongo wa juu huzibana chembe. Kwa matumizi fulani, kama kukadiria jinsi mchanga ulivyoshindiliwa au kama unaweza kuyeyuka katika tetemeko, lazima athari hiyo iondolewe. Liao na Whitman walitoa mwaka 1986 kanuni nyepesi ya kufanya hivyo: kipeuo cha pili cha 100 kugawanywa kwa mkazo wa udongo katika kina hicho, kwa kPa. Kwenye mita 1.5 mkazo huo ni kama kPa 25, na kipeuo cha 4 ni 2. Kwa hiyo N60 ya 10 inageuka 20 kwa mstari mmoja wa hesabu. Ile 14 nayo inakuwa karibu 20, na 15 inakuwa kama 18.

Hakuna kosa hapo, ikiwa kanuni inayofuata inataka N ya namna hiyo. Shida ni kwamba kanuni nyingi za kitako juu ya mchanga zilitengenezwa kwa N ambayo haikusahihishwa kwa uzito wa udongo. Waliozitengeneza walichukua majengo halisi, wakalinganisha kudidimia kwake na N kama ilivyotoka ardhini, na athari ya kina ikabaki imefumwa humohumo. John Burland na Michael Burbidge, ambao mwaka 1985 walichapisha kazi iliyokusanya kumbukumbu zaidi ya 200 za misingi na matangi yaliyopimwa, walisema wazi kwamba N isisahihishwe kwa kina. Anayeisahihisha kisha akaiingiza kwenye kanuni yao anaupa mchanga nguvu mara mbili. Tutaona inamgharimu nini.

Lakini kwanza, tunatafuta nini hasa? Watu wengi hudhani hofu ni kitako kuuvunja mchanga na kuzama ghafla. Kwa mchanga wenye ushikamano wa wastani na kitako chenye upana wa mita mbili hivi, hilo ni jambo la mbali. Kinachotangulia ni kudidimia. Na hata kudidimia si tatizo ikiwa jengo zima litashuka pamoja. Nyufa huja pale nguzo moja inaposhuka na jirani yake ikabaki. Terzaghi na Peck waliona kwamba ikiwa kitako kikubwa kuliko vyote hakitadidimia zaidi ya milimita 25, tofauti kati ya nguzo na nguzo haitarajiwi kupita milimita 19 hivi, kiasi ambacho majengo mengi ya kawaida huvumilia. Hiyo 25 inayoonekana katika kila ripoti ilitoka hapo. Ni makubaliano ya wazoefu, na ghala lenye mabati au jumba lenye vioo vikubwa linaweza kudai namba nyingine.

Kanuni ya Burland na Burbidge kwa kitako cha mraba, ikiwekwa kwa ufupi, ni hii:

s = q × B^0.7 × 1.71 / N^1.4

Hapo s ni milimita za kudidimia, B ni upana wa kitako kwa mita, na q ni mkazo kwa kPa, baada ya kutoa theluthi mbili za mkazo ambao udongo uliochimbwa ulikuwa ukiuweka pale kabla ya kuondolewa. Mchanga ule uliwahi kuubeba uzito huo, hivyo haushtuki sana ukirudishiwa.

Tujaribu kitako cha mita 2.4 kwa 2.4. Eneo lake ni mita za mraba 5.76, na tani 90 zikigawanywa hapo ni tani 15.6 kwa mita, au kPa 153. Ukiongeza uzito wa zege na udongo wa kufukia, kisha ukatoa theluthi mbili za kPa 25, unabaki na kama 162. Kwa N ya 12, kanuni inatoa milimita 16. Hizo ni za mwanzo, jengo linapokamilika. Mchanga huendelea kushuka kidogokidogo kwa miaka, na Burland na Burbidge walipendekeza kwa mizigo isiyotikisika kuzidisha mara 1.5 ukifikiria miaka 30. Tunapata milimita 24. Kitako kinafaa, na ukurasa wa mwisho unaweza kuandika kPa 150 kwa moyo mweupe, ilimradi uandike pia kwamba namba hiyo ni kwa kitako cha upana wa kama mita 2.4 na kina cha mita 1.5.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Ukipanua kitako huku mkazo ukibaki uleule, kitadidimia zaidi, kwa sababu kinafika chini zaidi na kuubana mchanga mwingi zaidi. Kwa hiyo hakuna namba moja inayoitwa uwezo wa kiwanja. Mteja anayechukua kPa 150 ya nyumba hii na kumpa jirani anayejenga tangi la maji la upana wa mita 10 amempa kitu kisichomhusu.

Sasa turudi kwa yule aliyeinua N kutoka 12 hadi 18. Kwa kuwa N imepandishwa kwa kipeo cha 1.4, kudidimia kwake kwenye karatasi kunapungua karibu nusu. Ataona anaweza kupunguza kitako hadi mita 1.5 kwa 1.5 na bado apate milimita 24 za miaka 30. Mkazo utakuwa tani 40 kwa mita ya mraba. Zege limeokolewa, mteja anashukuru. Mchanga haukubadilika, N yake bado ni 12, na hesabu sahihi ya kitako hicho inatoa milimita 42. Jengo halitaanguka. Litapasuka kuta miaka michache baadaye, fundi rangi atalaumiwa, na hakuna atakayelifungua tena jedwali la mapigo.

Kanuni ya Meyerhof, ambayo wengi huipenda kwa urahisi wake, ni ya kulinganisha nayo. Alivyoiandika mwaka 1956, kwa kitako chetu na N ya 12 inaruhusu karibu kPa 150. Baadaye yeye mwenyewe aliona ni ya uoga kupita kiasi na mwaka 1965 akapendekeza mkazo uongezwe kwa nusu, na kitabu cha Joseph Bowles kikaeneza toleo hilo lililoongezwa. Kwa kitako chetu linaruhusu karibu kPa 230. Toleo la kwanza linakubaliana na hesabu yetu ya miaka 30. La pili liko karibu zaidi na kudidimia kwa mwanzo. Ripoti inayosema tu kwamba imetumia Meyerhof haijasema alitumia Meyerhof yupi.

Hesabu ya kuvunjika hufanyika hata hivyo, kwa kuwa vitako vyembamba juu ya mchanga mlegevu huvunjika kabla ya kudidimia sana. N ya 12 inaashiria pembe ya msuguano ya kama nyuzi 30. Nikichukua maji yamefika usawa wa kitako, mchanga huu ungehimili karibu tani 60 kwa mita kabla ya kuvunjika, na ukigawanya kwa 3 kwa ajili ya usalama unapata tani 20. Tumeomba 15.6. Kudidimia ndiko kunakotawala.

Nimeandika maji yamefika usawa wa kitako, ingawa wachorongaji waliyakuta mita mbili chini yake. Tarehe iliyo juu ya karatasi ya shimo ndiyo iliyonifanya hivyo. Kama walichoronga mwishoni mwa kiangazi, maji yatapanda masika yakija, na pwani huweza kupanda sana. Mchanga uliozama ndani ya maji hupoteza karibu nusu ya uzito wake unaofanya kazi, na msuguano kati ya chembe unashuka pamoja nao. Terzaghi na Peck walishauri mkazo upunguzwe nusu maji yakifika kwenye kitako. Meyerhof alipinga: kama maji yalikuwepo wakati wa kupima, N tayari imeyahesabu. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana lazima ujue maji yalikuwa wapi siku ile. Kipimo chetu cha mita 1.5 kilifanyika kwenye mchanga usiozama, kwa hiyo hakijui lolote kuhusu masika. Maji yakifika juu kabisa ya ardhi, usalama wetu unashuka hadi kama 2.4. Bado panakalika, lakini ningetaka mtaro wa maji ya mvua uchorwe kwenye ramani tangu sasa.

Je, hesabu hizi huaminika kwa kiasi gani? Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Teksasi A na M kilijenga vitako vitano vya zege juu ya mchanga, vikubwa vyake viwili vikiwa mita 3 kwa 3, kikavifanyia vipimo vya kila aina vya udongo, SPT ikiwemo, na kuwaalika wataalamu watabiri mzigo utakaodidimiza kila kitako milimita 25 na milimita 150. Watabiri 31 walijitokeza, nusu wahadhiri na nusu wahandisi wa kazi. Kisha vitako vikapakiwa mzigo hadharani. Hakuna hata mmoja ambaye majibu yake yote yalikuwa ndani ya asilimia 20 ya ukweli. Kwa mzigo wa milimita 25, wastani wa watabiri ulikuwa chini ya mzigo halisi kwa zaidi ya robo. Vitako vya mita 3 vilihitaji tani 450 na zaidi kufikia milimita hizo, yaani tani 50 hivi kwa kila mita ya mraba.

Kwa hiyo kanuni kwa kawaida hukosea upande wa usalama. Lakini hiyo ilikuwa mchanga mmoja, uliopimwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Hata Burland na Burbidge wanatoa mstari wa katikati ya kumbukumbu zao: baadhi ya vitako vilididimia nusu zaidi ya mstari huo, na vingine kidogo sana. Milimita zetu 24 zisomwe kama kati ya 15 na 35, na mhandisi wa majengo aambiwe hivyo.

Pwani ina aina moja ya mchanga ambayo kanuni hizi hazikuizoea kabisa. Ni ule mweupe uliotokana na matumbawe na makombe. Chembe zake zina matundu na huvunjika chini ya mzigo, tofauti na mchanga wa kwarizi uliojaa kwenye kumbukumbu za Ulaya na Marekani. Tone la asidi hafifu juu ya sampuli likitoa povu jingi, umeupata. Hapo N hutoa picha iliyopotoka, na kipimo cha kusukuma ncha ya chuma mfululizo, au kupakia mzigo kwenye bamba pana, kinakuwa na thamani kuliko mapigo ya nyundo. Tabaka la mfinyanzi chini ya mchanga nalo linahitaji hesabu yake lenyewe. N haitakuambia litashuka kwa miaka mingapi.

Kazi inamalizikia shimoni, siku ya kuchimba vitako. Mhandisi hushuka na nondo ya milimita 12 na kuichomeka sakafuni kwa mkono, pembe zote nne na katikati. Kwenye mchanga wa N 10 nondo inaingia kwa taabu, sentimita kumi au ishirini hivi, kisha inakataa mkono. Ikizama nusu mita bila kupigwa, hapo kuna mfuko wa mchanga mlegevu, choo cha zamani au taka zilizofukiwa, na mashimo matatu ya uchunguzi yaliupita pembeni. Msimamizi anasimamisha zege. Pachimbwe hadi mchanga unaokataa nondo, nafasi ijazwe zege hafifu mpaka usawa wa kitako, na mahali hapo paandikwe kwenye ramani pamoja na kina chake, ili mtu wa kuongeza ghorofa ya tano miaka ishirini baadaye ajue nguzo hiyo inakaa juu ya nini.